Uzi: lps("kaka") inatoa 3 sawasawa, lps("marahaba") inatoa 1. Tumekwama

Mwana_wa_Langoni

Salaam aleikum jamani. Tuko kikundi cha vijana hapa Amu, tunakutana Langoni baada ya Magharibi kufanya mazoezi ya maswali ya mashindano ya programu. Swali lililotukwamisha ni hili: umepewa neno, futa herufi chache iwezekanavyo ili zinazobaki zisomeke sawa kutoka mbele na kutoka nyuma. Huruhusiwi kupanga upya, kufuta tu. Tunatakiwa kutoa urefu wa palindromu ndefu kabisa inayobaki.

Tulielewa kwamba tunajaza jedwali ambalo `L[i][j]` ni jibu la kipande cha neno kuanzia herufi ya `i` hadi ya `j`. Herufi za mwisho mbili zikifanana, unachukua jibu la kilichomo ndani na kuongeza 2. Zisipofanana, unaacha moja ya kushoto au moja ya kulia, na kuchukua kubwa.

```python
def lps(s):
    n = len(s)
    L = [[0]*n for _ in range(n)]
    for i in range(n):
        L[i][i] = 1
    for i in range(n):
        for j in range(i+1, n):
            if s[i] == s[j]:
                L[i][j] = L[i+1][j-1] + 2
            else:
                L[i][j] = max(L[i+1][j], L[i][j-1])
    return L[0][n-1]
```

"mama", "kaka", "dada" zote zinatoa 3, na ndivyo inavyotakiwa. Tukaweka "marahaba" ikatoa 1, wakati kwa mkono tunaona kabisa "aahaa", herufi 5. Tukaweka "atakata", neno ambalo lenyewe ni palindromu nzima ya herufi 7, ikatoa 2. Kanuni tumeipitia mara kadhaa na inaonekana sawa. Kosa liko wapi?

Barobaro_Ngala

Niko Malindi. Kwanza jibu la "marahaba" si 5, ni 3. Kuna "ara", "aha" na "aba", basi. Na wala huhitaji jedwali: simama kwenye kila herufi, tanuka kushoto na kulia mpaka zisifanane, halafu usisahau vituo vilivyo katikati ya herufi mbili. Ukitaka kasi zaidi kuna njia ya Manacher ya 1975, inapita neno mara moja tu.

Mwana_wa_Langoni

Ahsante kaka, lakini hapo unazungumzia herufi zinazofuatana bila pengo. Sisi tunaruhusiwa kuruka. Katika m-a-r-a-h-a-b-a ukifuta m, r na b, kinachobaki ni a-a-h-a-a.

Barobaro_Ngala

Ah, sawa, mmeruhusiwa mapengo. Basi kutanuka hakutoshi, maana herufi mbili za kando zisipofanana mimi nasimama, na nyinyi bado mna la kufanya.

Nahodha_Shela

Mwanangu, kanuni yenu ni sahihi, mpangilio wa kujaza ndio mbovu. Angalia mnapoanzia: `i = 0`. Mnajaza mstari wa juu kabisa kwanza. Lakini kila kisanduku cha mstari wa juu kinamuuliza jirani yake wa mstari wa chini, `L[i+1][j]` au `L[i+1][j-1]`, na mstari huo bado haujaguswa. Una sifuri kila mahali isipokuwa kwenye ulalo, mlikoweka 1.

Sasa fuata "marahaba". Herufi ya kwanza ni m, na hakuna m nyingine. Kwa hiyo mstari wa 0 wote unapita kwenye `max`. `L[0][1]` inapata 1. `L[0][2]` inamuuliza `L[1][2]`, anajibu 0, inabaki na 1 ya kushoto. Hivyo hivyo hadi `L[0][7]`, ambayo ilipaswa kupokea 5 kutoka `L[1][7]`, lakini hiyo 5 haijaandikwa bado. Mnarudisha 1, lupu inaendelea kujaza mistari ya chini kwa kazi isiyosomwa na mtu.

"kaka" inapona kwa sababu `L[0][2]` inategemea `L[1][1]` tu, na hiyo ni ya ulalo, mlishaijaza. Halafu `L[0][3]` inabeba ile 3 kutoka kushoto. Maneno yote ya muundo wa mama, kaka, dada yatafaulu hata jedwali likijazwa vibaya, kwa hiyo hayafai kuwa majaribio.

Dawa ni kubadili mstari mmoja:

```python
for i in range(n-1, -1, -1):
```

Anzeni chini, pandeni. Mngeweza pia kujaza kwa urefu wa vipande: vyote vya herufi 2, kisha 3, kisha 4. Ni sawa, ila kupanda kutoka chini ni maandishi machache zaidi.

Na kuna alama ambayo ingewaonyesha kosa bila kujua jibu. Chapisheni jedwali zima. Katika jedwali sahihi, ukienda kulia kwenye mstari namba haishuki kamwe, kwa sababu kuongeza herufi kwenye kipande hakuwezi kufupisha palindromu iliyokuwamo. Jaribuni "atakata" na msimbo wenu wa zamani: mtaona `L[0][2]` ni 3, kisha `L[0][4]` ni 2. Namba imeshuka, maana yake kuna kisanduku kilichosomwa kabla ya wakati wake.

Mwana_wa_Langoni

Maalim, Mwenyezi Mungu akuzidishie. Imetoa 5, na "atakata" imetoa 7. Nimechapisha jedwali la "marahaba":

```
    m a r a h a b a
m   1 1 1 3 3 3 3 5
a     1 1 3 3 3 3 5
r       1 1 1 3 3 3
a         1 1 3 3 3
h           1 1 1 3
a             1 1 3
b               1 1
a                 1
```

Na hakuna namba inayoshuka ukienda kulia. Kilichonishangaza ni mstari wa pili: unakaa kwenye 3 muda mrefu, halafu kisanduku cha mwisho tu ndicho kinapanda kuwa 5.

Nahodha_Shela

Kisanduku hicho ndicho cha kukitazama. Ni kipande "arahaba". Pembeni kuna a na a, zimefanana, kwa hiyo tunaingia ndani kwenye "rahab", ambacho ni 3, tunaongeza 2. Ndani ya "rahab" r na b hazifanani. Ukiacha r unabaki na "ahab", 3. Ukiacha b unabaki na "raha", 3 vilevile. Njia zote mbili zinafika kwenye "aha" iliyo katikati. Kuipata palindromu yenyewe unatembea hivyo hivyo kutoka kona ya juu kulia: pakifanana andika herufi mbili, moja kila upande, uingie ndani, pasipofanana nenda kwenye kisanduku chenye namba kubwa. Kwa njia hii unachoandika ni palindromu kila mara, kwa sababu unaijenga kwa jozi.

mchapa_msimbo

Jamani mbona mnajichosha? Geuzeni neno, `r = s[::-1]`, halafu tafuteni mfuatano mrefu kabisa ambao `s` na `r` wanao kwa pamoja. Ile programu ya `lcs` kila mtu anayo tayari kwenye daftari lake. Palindromu ikigeuzwa inabaki ile ile, kwa hiyo iko kwenye `s` na iko kwenye `r`. Mkiita `lcs(s, r)` mnapata palindromu moja kwa moja, hakuna haja ya jedwali jipya. Mimi nimepita maswali matatu ya aina hii kwa njia hiyo.

Binti_Mkomani

Kaka, urefu nakubali, lakini hicho unachokipata si lazima kiwe palindromu. Nilikuwa na programu ya `lcs` inayokusanya mifuatano yote ya pamoja yenye urefu mkubwa kabisa, si mmoja tu. Nimeipa "polepole" na kinyume chake "elopelop". Urefu ni 3. Kwenye orodha kuna "pop", "opo", "ele", sawa. Lakini kuna "ope" na "epo" pia. Hizo hazisomeki sawa pande zote.

mchapa_msimbo

Hebu subiri. "ope" ndani ya "polepole": o ya pili, p ya tano, e ya nane. Ipo. Ndani ya "elopelop": o ya tatu, p ya nne, e ya tano. Ipo. Basi kweli. Lakini programu yangu haijawahi kunipa kitu kama hicho, kwa "polepole" inatoa "pop".

Na sasa nina swali zito zaidi. Kama mfuatano wa pamoja unaweza kuwa kitu kisicho palindromu, nitajuaje kwamba hauwezi kuwa *mrefu* kuliko palindromu ndefu kabisa? Hoja niliyoitoa inaonyesha tu kwamba `lcs` haiwezi kuwa fupi.

Nahodha_Shela

Hapo umeuliza swali lenyewe, na wengi hulipita. Hoja yako ilikuwa nusu. Nusu ya pili tuifanye kwa "ope" hiyo hiyo.

Usiandike nafasi za "ope" kwenye neno lililogeuzwa. Zirudishe kwenye neno la asili. Herufi ya tatu ya "elopelop" ni ya sita ya "polepole", ya nne ni ya tano, ya tano ni ya nne. Sasa weka mistari miwili:

```
herufi          o  p  e
kidole cha 1    2  5  8
kidole cha 2    6  5  4
```

Kidole cha kwanza kinasoma neno kwenda kulia, kwa hiyo namba zinapanda. Kidole cha pili kinasoma kinyume, kwa hiyo kwenye neno la asili kinakwenda kushoto na namba zinashuka. Kimoja kinapanda, kingine kinashuka: vitapishana mara moja tu. Hapa vimekutana juu ya p, nafasi ya 5.

Chukua herufi zilizosomwa kabla ya kupishana. Kidole cha kwanza kimesoma o kwenye 2, cha pili kimesoma o kwenye 6, na walipokutana ni p. Soma 2, 5, 6: "opo". Ni palindromu, na iko ndani ya neno. Sasa chukua zilizosomwa kuanzia kukutana. Kidole cha pili kina e kwenye 4, cha kwanza kina e kwenye 8. Soma 4, 5, 8: "epe". Palindromu nyingine. "ope" ni nusu ya moja iliyounganishwa na nusu ya nyingine.

Kwa neno lolote ni hivyo hivyo. Sema mfuatano wa pamoja una herufi `k`, na `m` kati yake zilisomwa kabla vidole havijapishana. Ikiwa vilipishana bila kugusana kwenye herufi moja, una palindromu ya `2m` upande wa kwanza na ya `2(k-m)` upande wa pili. Ikiwa vilikutana kwenye herufi, una `2m+1` na `2(k-m)-1`. Jumlisha, kwa vyovyote ni `2k`. Vitu viwili vyenye jumla ya `2k` haviwezi vyote kuwa pungufu ya `k`. Kwa hiyo daima kuna palindromu yenye angalau herufi `k`. Basi `lcs` haiwezi kuizidi `lps`, na wewe ulishaonyesha haiwezi kupungukiwa. Ziko sawa.

Binti_Mkomani

Maalim nimeipenda hii. Na kama `k` ndiyo kubwa kabisa, hakuna palindromu inayoweza kuzidi `k`, kwa hiyo zile mbili lazima ziwe `k` na `k` barabara. Maana yake vidole hupishana katikati kabisa ya mfuatano, si pengine. Si ndiyo?

Nahodha_Shela

Ndiyo, na hiyo ina faida ya mkononi. Ukishapata mfuatano wowote mrefu kabisa kutoka `lcs`, chukua nusu ya kwanza pamoja na herufi ya kati kama ipo, kisha irudie nusu hiyo kinyume:

```python
def kioo(w):
    k = len(w)
    h = w[:(k+1)//2]
    return h + h[:k//2][::-1]
```

"ope" inakuwa "opo". "epo" inakuwa "epe". Zote zimo ndani ya "polepole", na zitakuwamo kila mara.

Lakini sharti la "mrefu kabisa" lisisahaulike. "ha" ni mfuatano wa pamoja wa "marahaba" na "abaharam", ila si mrefu kabisa. Ukiupitisha kwenye `kioo` unapata "hh", na "marahaba" ina h moja tu. Kwa hiyo anayekatisha `lcs` njiani, au anayetumia njia ya kukadiria, asitumie hii.

Bi_Khati

Samahani kuingilia. Mimi si mtu wa mashindano, naingiza tenzi za zamani kwenye kompyuta, zilizoandikwa kwa hati ya Kiarabu. Nilitaka kulinganisha mishororo na kinyume chake kwa `s[::-1]`, na kwenye skrini irabu zimehama: fataha ya herufi moja imekaa juu ya herufi jirani. Je, jedwali la vipande lingeniponya?

Binti_Mkomani

Shikamoo Bi. Kilichotokea ni kwamba kwa kompyuta irabu ni alama inayojitegemea, inayokuja baada ya herufi yake. Ukigeuza mfululizo wote, irabu inatangulia herufi yake, basi inamrukia aliye mbele yake. Jedwali la vipande halitahamisha kitu kwa sababu haligeuzi, lakini litahesabu fataha kama herufi kamili, na linaweza kulinganisha fataha na fataha huku herufi zenyewe zimefutwa. Namba itatoka, ila haitakuwa na maana kwako.

Kata kwanza mshororo kuwa orodha, kila kipengele herufi pamoja na irabu zake. Kanuni zote mbili zinafanya kazi kwenye orodha vilevile, na orodha ukiigeuza irabu inabaki na mwenyewe. Kabla ya hapo pitisha `unicodedata.normalize("NFC", s)`, kwa sababu penye shada na fataha juu ya herufi moja, waandishi wawili wanaweza kuwa wameziingiza kwa mpangilio tofauti, na kompyuta ingeziona kuwa vitu viwili.

Bi_Khati

Marahaba mwanangu. Na ile hesabu ya neno langu mmeshaifanya hapo juu. Nitajaribu kwa orodha. Mimi ningetaka pia kujua jibu la kila kipande cha mshororo, si mshororo mzima peke yake, kwa sababu vina vya kati hukaa katikati.

Nahodha_Shela

Bi Khati, hapo ndipo njia hizi mbili zinapoachana, na vijana walisikie hili. Jedwali la vipande likishajaa, kila kisanduku ni jibu la kipande chake. Ukitaka mshororo kutoka herufi ya 3 hadi ya 11, soma kisanduku hicho, umemaliza. Jedwali la `lcs` halina hilo. Visanduku vyake vinalinganisha mwanzo wa neno na mwanzo wa kinyume chake, yaani mwanzo wa neno na mwisho wake. Kona ya mwisho tu ndiyo inayokupa jibu la neno zima. Kwa kipande cha katikati itabidi uanze upya.

Kwa kumbukumbu ya mashine, kama ni urefu tu unaotakiwa, zote mbili zinaenda na mistari miwili: unaojazwa na uliotangulia. Mkihifadhi jedwali zima kwa Python kama mlivyoandika, neno la herufi 10,000 ni visanduku milioni 100, na kila kisanduku kwenye orodha hukalia baiti 8. Hizo ni megabaiti 800. Nusu yake iko chini ya ulalo na haisomwi kamwe, isipokuwa zile sifuri zinazogusana na ulalo, ambazo herufi mbili jirani zinazofanana huzihitaji.

Atakayetaka mfuatano wenyewe kwa kumbukumbu ndogo, njia ya Hirschberg, nayo ya 1975, imeandikwa kwa ajili ya `lcs`. Hapo ndipo kugeuza neno kunapolipa: unatumia Hirschberg, halafu `kioo`.

mchapa_msimbo

Basi `kioo` naiongeza kwenye daftari. Lakini bado kuna linalonisumbua. Nimerudi kwenye programu yangu. Penye sare, nikielekea juu kila mara, "polepole" inatoa "pop". Nikielekea kushoto kila mara, inatoa "ele". Nimejaribu maneno mengine mengi na sijapata hata moja ambapo kufuata upande mmoja bila kubadilisha kumeleta kitu kisicho palindromu. "ope" inatokea pale tu Binti anapokusanya njia zote. Kuna anayeweza kuonyesha kwamba upande mmoja daima ni salama, au alete neno linalovunja?

Binti_Mkomani

Sina uthibitisho. Nadhani inahusiana na kwamba ukielekea juu kila mara unashika herufi za mapema kabisa kwenye `s`, lakini sijaona kwa nini hilo lilazimishe kidole cha pili kusoma herufi zile zile. Ningekuwa wewe ningezalisha maneno yote ya herufi a, b, c hadi urefu wa 10 na kuyapitisha yote. Ni chini ya elfu 90 tu.

Mwana_wa_Langoni

Sisi tutaiendesha usiku huu na kuleta matokeo hapa, kwa pande zote mbili. Maalim, swali la mwisho: tukiulizwa idadi ya herufi za *kuongeza* ili neno liwe palindromu, badala ya kufuta, jedwali linabadilika?

Nahodha_Shela

Halibadiliki. Kila herufi ambayo ungeifuta, badala yake ungeiongezea mwenzake upande wa pili. Kwa "marahaba" ni 8 kutoa 5, herufi 3 kwa njia yoyote ile. Leteni matokeo ya usiku, mimi pia nataka kuyaona.